Utambi Mmoja kwa Nta Tatu

Wifi yangu alipoolewa na mdogo wangu alikuja na sanduku la nguo, kipimajoto cha kioo kilichoviringishwa kwenye soksi, na bonge la nta ya nyuki lenye umbo la tofali. Alimkabidhi mama lile bonge sebuleni, kabla hata hajakaribishwa kukaa. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akafumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vinywaji. Nilikuwa nimetengeneza mishumaa katika nyumba ile kwa miaka kumi na minane, na sikuwahi kumwona mama akifumba macho kwa mshumaa wangu hata mmoja.

Naeleza habari zake kama nilivyozijua, na nyingine kama alivyonisimulia mwenyewe tukiosha glasi.

Kabla ya kuolewa alifanya kazi mahali pawili. Kwanza ni kituo cha kukusanyia asali. Wenzake walikamua asali na kuijaza kwenye chupa. Yeye alipewa masega yaliyobaki. Aliyachemsha ndani ya maji, akayachuja kwa kitambaa, kisha akaacha sufuria ipoe mpaka nta igande juu kama sahani. Alifanya hivyo kwa miaka minne na nguo zake zote zikashika harufu ya asali. Baadaye alihamia kwenye karakana ya mafuta ya kupaka mwilini, na huko ndiko alikoizoea nta ya soya, ile inayokuja kwenye magunia ikiwa vipande vyepesi, kama sabuni iliyokwanguliwa kwa kisu. Mwenye karakana alimwachia azimimine nta zilizobaki kwenye makopo na kutia tambi. Alijifunza peke yake, kwa kuunguza na kumwaga.

Mimi nilijifunza kwa mama, na mama hakujua nta nyingine ila parafini. Tulianza na mishumaa myeupe mirefu, ile ya kuwasha umeme ukikatika. Baadaye niliongeza ya manukato, ndani ya glasi. Chumba chetu cha kazi kiko nyuma ya nyumba. Kuna jiko la gesi lenye sehemu mbili za moto, moja kubwa na moja ndogo. Kuna meza ndefu chini ya dirisha, rafu tatu, mizani, na sufuria zinazokaa ndani ya sufuria za maji, maana nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja. Moto mkubwa na meza ya dirishani vilikuwa vyangu. Hakuna aliyetangaza hivyo, lakini kila mtu alijua.

Wifi alipewa moto mdogo.

Haikupita hata miezi miwili akapata jina. Mdogo wangu ndiye anayesambaza mishumaa madukani kwa pikipiki. Asubuhi moja aliingia na kofia yake kichwani, akaona glasi kumi za soya zimepangwa kwenye rafu.

"Hizi nipakie?"

"Bado," mkewe akamjibu.

"Si zimeganda tangu jana?"

"Zimeganda, lakini bado hazijalala. Soya ukiitia manukato, inataka wiki mbili ndiyo harufu ikae ndani yake. Ukiiwasha leo utadhani nimesahau kutia mafuta."

"Wiki mbili! Dada mkubwa anamimina Jumatatu, Jumatano nauza."

"Ya dada ni parafini. Ya kwangu bado."

Mdogo wangu alicheka mpaka kofia ikamshuka machoni. "Basi nimeoa Bado!" Tangu siku hiyo hata fundi cherehani wa jirani akawa anamwita Bado. Yeye mwenyewe aliitikia. Nami nilifurahia jina lile kuliko ilivyostahili.

Nilichokuwa sikifurahii ni vitu vidogo. Mama alianza kukaa upande wa moto mdogo. Alikuwa akichambua tambi zangu mezani. Sasa kiti chake kilisogea kidogo kidogo, leo shubiri, kesho shubiri, mpaka akawa karibu na wifi, akimwuliza habari za nyuki. Wateja waliokuja uani walipita meza yangu wakaenda kunusa kwake. Nilikuwa nikiinama kwenye mizani na kusikia, "Hii ni nini? Mbona inanukia asali?" Nilisoma gramu zile zile mara tatu.

Miezi saba baada ya harusi alikuja meneja wa nyumba ya wageni iliyo barabara ya pili, mwanamke mrefu anayezungumza kama anahesabu. Kwa muda mrefu alichukua kwangu mishumaa michache ya meza za nje. Safari hii alitaka ya vyumbani.

"Vyumba ishirini na vinne," alisema. "Kila chumba glasi moja. Tunawasha jioni kwa muda wa saa nne tu, tunazima. Nataka glasi moja inifikishe jioni kumi. Na nataka mgeni akifungua mlango anuse mchaichai, lakini asiumwe kichwa. Nasikia siku hizi mna nta za aina tatu."

"Tunazo," mama akasema, akimtazama wifi badala yangu.

"Nipimieni. Itakayofaa ndiyo nitachukua mwaka mzima, na aliyeitengeneza ndiye nitakayempigia simu."

Alipoondoka mama alipangusa mikono kwa kanga yake. "Jiko ni moja na kazi hii ni kubwa. Atakayeipata atasimama kwenye moto mkubwa, mwenzake amsaidie. Sitaki kusikia maneno." Kisha akanigeukia. "Daftari ni lako. Pima wewe."

Daftari langu lina jalada gumu la bluu, na ni la tisa. Ndani ya yote tisa kuna kila mmimino niliowahi kufanya: tarehe, uzito, joto la kumimina, kiasi cha manukato, unene wa utambi. Watu wa nyumbani hubishana nami kuhusu kila kitu, lakini nikifungua daftari wananyamaza.

Nilichukua glasi tatu zinazofanana na kumimina gramu mia na themanini katika kila moja: parafini, soya, nta ya nyuki. Zote nilizitia manukato ya mchaichai, sehemu sita katika mia. Zote nilizitia utambi mmoja, ule mwembamba wa pamba ninaoutumia kwa parafini kila siku. Nilijisifu mbele ya wote.

"Glasi moja, uzito mmoja, utambi mmoja. Haki sawa."

Bado aliokota kipande cha utambi mezani, akakisokota kati ya vidole viwili.

"Wifi, huu ndio wa zote?"

"Ndio wa zote. Au ulitaka ya kwako ipendelewe?"

"Nani kasema? Sitaki kupendelewa."

"Basi tusubiri moto useme."

"Ila soya uiache ilale kwanza."

"Kwako wewe kuna kitu gani kisicho bado?" nilimwuliza, na mama mwenyewe akacheka. Nikaona nimeshinda hata kabla ya kuwasha.

Niliziwasha siku ya tatu. Saa nne za moto, nazima, naacha zipoe, napima uzito, nakata ncha ya utambi ibaki nusu sentimita, kesho yake naendelea. Parafini iliwaka vizuri kama ilivyonizoea: mwali mrefu, nta ikayeyuka mpaka ukingoni mwa glasi, mchaichai ukafika uani. Nta ya nyuki ilinipa mwali mdogo kama punje ya mahindi. Kabla saa mbili hazijapita utambi ulizama katika nta iliyoyeyuka na kuzimika. Niliuwasha tena, ukazimika tena. Soya ilijichimbia shimo katikati. Nta ya pembeni ilibaki imeganda ukutani mwa glasi, na siku ya tatu mwali ukafa chini ya shimo hilo. Harufu yake ulilazimika kuinama kuitafuta.

Je, nilijua? Nilijua nusu. Fundi yeyote wa mishumaa anajua kwamba utambi huchaguliwa kufuata nta. Nta ya nyuki ni ngumu kuyeyuka na ni nzito kupanda kwenye uzi, kwa hiyo inataka utambi mnene. Soya nayo inataka unaouzidi wa parafini. Hayo yalikuwa kichwani mwangu, mahali fulani nyuma. Ila nilipokuwa nikiutazama ule mwali wa punje ukizama, moyo wangu ulifurahi, na mtu aliyefurahi hatafuti sababu. Niliandika: *Nta ya nyuki, imezimika saa ya pili. Soya, imezama siku ya tatu, harufu hafifu. Parafini, inawaka vizuri, harufu kali.* Kwenye safu ya utambi niliandika neno moja tu: *sawa*.

Meneja alisoma ukurasa ule akiwa amesimama.

"Na hii parafini itanifikisha jioni kumi?"

Parafini ilikuwa ikila gramu ishirini na mbili kila jioni. Gramu mia na themanini ukizigawa kwa ishirini na mbili unapata nane na ushee. Hesabu hiyo naweza kuifanya nikiwa usingizini.

"Inakaribia kumi," nikasema.

Bado alikuwa akiosha sufuria. Mikono yake ilisimama kidogo ndani ya maji, kisha ikaendelea.

Nikabaki kwenye moto mkubwa. Kwa wiki tatu Bado alinisaidia: alipasha glasi, alishika tambi zisimame wima, alijazia nta ya pili pale parafini inapopoa na kudidimia kuzunguka utambi. Alifanya yote bila kununa. Ningefurahi zaidi kama angenuna. Mtu ambaye umemshinda naye anaimba kimoyomoyo akipangusa meza yako, hajakuacha umshinde sawasawa. Na kiti cha mama hakikurudi.

Meneja alirudi mkononi ana glasi tupu. Aliiweka juu ya daftari langu.

"Jioni ya nane, kwisha. Vyumba vyote. Mgeni mmoja kaachwa gizani anaoga, katoka bafuni na taulo anauliza kama ameadhibiwa." Hakuwa anacheka. "Na tazama hapa." Ukingo wa glasi ulikuwa mweusi. "Vyumba vyangu vina feni. Moto ukipepewa unatoa masizi. Na chumba ni kidogo, harufu inawapanda watu kichwani. Daftari lako lilisema jioni kumi."

"Daftari halikusema. Nilisema mimi."

"Basi pima tena, safari hii daftari liseme. Nakupa wiki mbili."

Mama aliinuka kitini. Alitoka kwenda uani, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno.

Nilisimama mbele ya rafu nikitafuta pa kuanzia, nikainua macho kwenye rafu ya juu. Nyuma ya makopo ya rangi kulikuwa na glasi mbili zilizofunikwa kwa karatasi. Chini ya kila moja kulikuwa na tarehe kwa mwandiko wa Bado, na tarehe ilikuwa ileile niliyomimina glasi zangu za kupimia. Moja soya, moja nta ya nyuki. Gramu mia na themanini. Nilifunua karatasi. Utambi wa soya ulikuwa mnene kuliko wangu. Wa nta ya nyuki ulikuwa mnene kama kamba ya kiatu cha shule.

Hazikuwahi kuwashwa. Alizimimina sawasawa siku ile ile, akaziweka juu, akanyamaza. Zilikuwa zimelala karibu mwezi mzima.

Wivu nilioujua mpaka hapo ulikuwa wa kiti cha mama na pua za wateja. Huu ulikuwa mwingine. Huu uliniingia mifupani: kwamba mtu anaweza kuwa na jibu mkononi akaliacha lilale, na mimi nisiweze kukaa na swali hata siku tatu.

"Nimechukua glasi zako mbili," nilimwambia jioni.

"Chukua, wifi. Hizo tayari."

Nilipima katika chumba cha akiba, mlango umefungwa, ile miwili ya Bado na parafini yangu mpya, kila mshumaa kwa zamu yake, asubuhi mmoja, mchana mwingine, alasiri wa tatu, na madirisha wazi katikati ili hewa ibadilike. Pua yangu haikuwa na kazi hapo. Mtu anayeshinda na manukato huacha kuyanusa. Sisi tunaita pua iliyoshiba. Kwa hiyo nilimwita fundi cherehani kutoka barazani kwake, aingie akiwa ametoka nje.

Kwa parafini alisimama mlangoni. "Jirani, huu umenipiga kofi. Nimeunusa nikiwa bado kwenye ngazi. Kwa ukumbi mkubwa ni mzuri. Kulala nao, hapana."

Kwa soya aliingia mpaka katikati. "Huu haujanikimbilia. Nimefungua mlango ukawepo. Naweza kukaa hapa nikatia vifungo mashati yote ya wiki."

Kwa nta ya nyuki alizunguka chumba kizima. "Mchaichai umeuweka wapi? Mimi naona asali tu. Asali tamu, ya mbali."

"Mchaichai umo humo humo."

"Basi asali imeumeza. Usiutie tena, unaharibu mafuta yako."

Siku baada ya siku niliandika gramu. Siku ya tisa parafini ilikufa, baada ya saa thelathini na mbili na nusu za moto. Soya iliendelea. Ilikuwa ikila gramu kumi na saba tu kwa kila saa nne, na nta ikiyeyuka mpaka ukutani, glasi ikibaki safi. Siku ya kumi niliiwasha nikiomba izime. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikaa kwenye kigoda mkono wangu uko kwenye saa, nikiombea mwali uzame. Haukuzama. Ulizimika siku iliyofuata, saa ya arobaini na tatu. Nta ya nyuki ilifika arobaini na saba.

Daftari lilikuwa mapajani, kalamu mkononi, na chumbani hakuna mtu. Ukurasa huo ungekubali namba yoyote ambayo ningeupa. Niliandika zile zilizotokea. Kisha nilirudi kwenye ukurasa wa zamani, pale kwenye safu ya utambi, nikakata neno *sawa* na kuandika juu yake: *wa parafini, si wao*. Pembeni ya soya nikaongeza: *imewashwa mapema mno.*

Nilimpelekea Bado aone kabla ya meneja. Alikuwa akianua nguo. Alisoma akiwa amebana pini za nguo midomoni, akazitoa.

"Mwandiko wako ni mzuri, wifi."

"Uliona utambi tangu siku ya kwanza."

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulishatangaza haki sawa mbele ya mama. Ningebisha mimi nani? Nilikuwa na miezi saba tu nyumbani kwenu." Alikunja shati la mdogo wangu, mikono kwanza. "Na nilijua utapima tena. Wewe huwezi kulala na daftari lililokosewa. Nikasema, bado, nimwache."

Alinijua. Katika nyumba ile mama hakunijua hivyo, wala mdogo wangu. Ningempenda kwa hilo kama lingetoka kwa mtu mwingine.

Meneja alisoma kurasa zote mbili, ya zamani na mpya, akanitazama. Vyumba vyote ishirini na vinne alivipa soya. Nta ya nyuki alichukua glasi mbili bila manukato kwa meza ya mapokezi, maana alisema asali inatosha. Meza za nje, penye upepo na mishumaa inayobadilishwa mara kwa mara, zilibaki na parafini yangu. "Nitampigia yupi?" aliuliza, na mama akamwonyesha Bado kwa kidevu.

Nilihamisha sufuria zangu mwenyewe. Sikutaka mtu anisaidie. Moto mdogo uko karibu na ukuta, na pale niliposimama niliona kwa mara ya kwanza mahali ambapo plasta imebanduka na wifi alikuwa ameibandikia kalenda.

Siku ya mmimino wa kwanza wa vyumbani Bado alikuja na kisanduku chenye tambi za unene wa aina tatu, zimechanganyika.

"Nikatie za soya ishirini na nne, wifi. Mkono wako hautetereki. Wa kwangu mimi huenda popote."

Alirudi kwenye moto wangu. Nilikaa mezani na mkasi na rula. Utambi wa parafini na wa soya, ukizilaza sambamba, mtu aliye hatua tatu hawezi kuzitofautisha. Niliinua mmoja mwembamba, nikaushika kidogo. Mmoja tu kati ya ishirini na nne. Chumba kimoja, shimo moja, meneja mmoja analalamika.

Nikaurudisha kwenye kisanduku. Nilikata ishirini na nne, zote za soya, nikazipima kwa rula moja moja, nikazipanga kwenye sinia kama sindano.

"Ziko tayari, wifi?" aliniita kutoka kwenye sufuria. Soya yake ilikuwa imeshashuka kwenye joto la kumimina. Niliona kipimajoto kutoka pale nilipo. Mama alikuwa kitini, karibu naye.

"Bado," nikamjibu.

Zilikuwa tayari kitambo. Nilimwacha asubiri mpaka alipocheka, ndipo nikainuka na sinia.